Barua ya Shukrani kwa Mhadhiri Mgeni

Tuchunguze aya hii:

“Mheshimiwa Profesa, tunakushukuru kwa mhadhara wako kuhusu upatanisho wa kisarufi. Mfano wako, ‘kipofu amefika’, uliwaondolea wanachuo wetu utata wa siku nyingi. Tafadhali upokee bahasha iliyoambatanishwa, iwe ishara ya shukrani zetu.”

Hatukuandika “tumekulipa”, kwa kuwa kitenzi hicho hudokeza deni lililokwisha. Kiishio -e katika “upokee” na “iwe” huomba bila kuamuru. Shukrani za mhadhara hutangulia, ili bahasha isionekane ndiyo kiini cha barua. Kiasi cha fedha hakitajwi. Huandikwa katika hati ya malipo. Tuepuke pia “kitu kidogo”, kwani msemo huo umekwisha kumaanisha hongo.