Video Moja, Lugha Mbili: Kichwa, Manukuu na Sauti

Muuguzi amerekodi kwa Kiingereza video ya dakika sita inayoonyesha namna ya kuchanganya maji ya sukari na chumvi kwa mtoto anayeharisha. Sasa anataka akina mama wanaozungumza Kiswahili waielewe video hiyohiyo kwenye YouTube. Mtaalamu wetu wa kutafsiri video anajibu maswali yake.

Nianze na nini: kichwa, manukuu au sauti?

Anza na manukuu. Ukitafsiri kichwa peke yake, mama atafungua video yenye kichwa cha Kiswahili, asikie Kiingereza, kisha aondoke. Kichwa na manukuu vitoke pamoja. Sauti ifuate baadaye, kwa sababu maandishi ya manukuu yaliyokwisha kusahihishwa ndiyo msingi wa maneno atakayosoma msomaji wako studioni.

Kwa nini nisitafsiri kila neno lililosemwa?

Kwa sababu macho yana mwendo wake. Kipimo kinachotumiwa na wafasiri wengi ni herufi zipatazo 17 kwa sekunde, nafasi zikihesabiwa, katika mistari isiyozidi miwili. Tuseme kipimo cha sukari na chumvi kimetajwa kwa sekunde nne. Hapo una nafasi ya herufi 68 tu. Sentensi kamili, "Weka vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi," ina herufi 97. Mama atakuwa katikati ya sentensi maandishi yanapotoweka, na chumvi ndiyo iliyo mwishoni. Basi punguza maneno, usipunguze vipimo:

```
14
00:01:12,000 --> 00:01:16,000
Sukari vijiko 6 vya chai,
chumvi nusu kijiko. Visawazishe.
```

Sasa ni herufi 57. "Weka" limeondoka kwa sababu mkono unaoweka unaonekana kwenye picha. "Visawazishe" limebaki kwa sababu kijiko kilichojaa pomoni huzidisha chumvi, na chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Lita moja ya maji safi ipate kipande chake kabla ya hapo. Hifadhi faili kwa mfumo wa `.srt`, kisha lipakie kwenye ukurasa wa lugha wa video yako ndani ya YouTube Studio, ukiwa umetaja kwanza kwamba lugha ya asili ni Kiingereza.

Manukuu yangu yanapishana na sauti. Kosa liko wapi?

Tazama mwanzo, katikati na mwisho wa video. Kama yamechelewa kwa sekunde zilezile kote, huenda ulikata sehemu ya mwanzo baada ya kuandika manukuu. Sogeza nyakati zote kwa pamoja. Kama pengo linakua kadiri video inavyoendelea, manukuu yaliandaliwa kwa nakala yenye mwendo tofauti wa picha. Hapo kusogeza hakutoshi. Yapange upya kwa nakala uliyopakia.

Nikiingiza sauti ya Kiswahili, nichunge nini?

Sauti mpya huchukua nafasi ya sauti yote ya asili, si maneno peke yake. Ukipakia sauti ya msomaji tu, muziki na mlio wa maji yakimiminwa vitapotea. Mwombe mhariri wako akutolee sauti za nyuma bila maneno, uzichanganye na usomaji, na faili zima lilingane na video kwa urefu.

Kiswahili kikizidi muda, msimharakishe msomaji. Aanze mapema, wakati kijiko kinachota sukari na aliyerekodi yuko kimya. Ukimya kama huo upo mwingi katika video za kuonyesha kazi.

Mbona watazamaji wangu bado wanaona kichwa cha Kiingereza?

YouTube huchagua kichwa kwa kufuata lugha ya mtazamaji, na Waswahili wengi simu zao zimewekwa Kiingereza. Kwa hiyo anza maelezo ya asili kwa sentensi moja ya Kiswahili, na useme kwamba sauti na manukuu hubadilishwa kwenye alama ya gurudumu la meno. Kichwa chenyewe, kisichozidi herufi 100, kitumie maneno ambayo mama angeandika akitafuta: "Mtoto anaharisha: changanya maji ya sukari na chumvi." Maandishi yaliyochorwa ndani ya picha hayatafsiriki kwa njia hii, yarekebishwe kwenye video yenyewe.

Nitajuaje kwamba tafsiri iko tayari?

Mpe mtu asiyejua Kiingereza aitazame mara moja bila wewe kueleza lolote. Kisha mpe chupa ya maji ya lita moja, sukari, chumvi na kijiko cha chai. Akichanganya sawasawa, itoe. Akiuliza "chumvi kiasi gani?", rudi kwenye kipande namba 14.