Mafuta ya nazi na kolesteroli ya damu: wataalamu wanabishania nini?

Maniema tunapika kwa mawese. Nazi si zao letu kubwa, lakini mafuta yake yanasifiwa na wengine kuwa dawa ya moyo, na wengine wanasema ni sumu. Maneno yote mawili yamepita kiasi. Kijitabu hiki kinaeleza chanzo cha mabishano hayo, kwa sababu yanagusa pia mafuta tunayotia chunguni hapa Tunda.

Mafuta yaliyoshiba

Katika gramu 100 za mafuta ya nazi, zaidi ya gramu 80 ni mafuta yaliyoshiba. Ndiyo maana yakipata ubaridi wa chini ya digrii 24 hivi huganda na kuwa meupe. Mafuta ya kokwa za ngazi yanafanana nayo sana. Mawese yenyewe, yanayotoka kwenye nyama ya ngazi, yana karibu nusu. Mafuta ya karanga hayafiki gramu 20.

Ini ndilo linaloondoa kwenye damu kolesteroli iitwayo LDL. Mtu akila mafuta yaliyoshiba kwa wingi, ini hupunguza milango yake ya kuipokea, na LDL inabaki ikizunguka. Miaka inavyopita, inapenya kwenye kuta za mishipa na kuziziba polepole. Hapo wataalamu wengi hawabishani.

Watetezi wa nazi wanasema nini

Wanasema asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta ya nazi, huenda moja kwa moja kwenye ini na kuchomwa. Hilo ni kweli kwa asidi fupi zaidi, ambazo nazi inazo kidogo tu. Sehemu kubwa ya lauriki hupita njia ileile ya mafuta mengine.

Wanataja pia watu wa visiwa vya Tokelau na Pukapuka, katika bahari ya Pasifiki. Utafiti uliotolewa mwaka 1981 ulionyesha kwamba watu wa Tokelau walipata zaidi ya nusu ya nguvu za chakula chao kutoka kwenye nazi, na magonjwa ya moyo yalikuwa machache. Lakini watu hao walikula nazi yenyewe pamoja na samaki, na sukari kidogo. Tena, kolesteroli ya watu wa Tokelau ilikuwa juu kuliko ya wenzao wa Pukapuka, ambao hawakula nazi nyingi kama wao.

Vipimo vimeonyesha nini

Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza waliwapa watu wa miaka 50 hadi 75 gramu 50 za mafuta kila siku kwa majuma manne. Siagi ilipandisha LDL. Mafuta ya nazi hayakutofautiana sana na ya zeituni. Watetezi walifurahi. Kisha mwaka 2020 majaribio 16 yalikusanywa pamoja: yakilinganishwa na mafuta mengine ya mimea yasiyo ya nchi za joto, mafuta ya nazi yalipandisha LDL kwa mg/dL 10 hivi. Yalipandisha pia HDL, inayoitwa kolesteroli nzuri, kwa mg/dL 4. Ila dawa zilizopandisha HDL zilipojaribiwa, hazikuleta kinga ya moyo iliyotarajiwa, kwa hiyo ongezeko hilo halifuti lile la LDL.

Basi jibu linategemea unalinganisha na nini. Nazi si mbaya kama siagi, lakini haifikii karanga. Na majaribio haya yalipima damu kwa majuma au miezi. Hayakuhesabu nani alipata mshtuko wa moyo. Hapo ndipo mabishano bado yapo.

Chungu cha sombe

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu za chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 22 kwa siku. Tuseme mama anatia sombe glasi moja ya mawese, gramu 180 hivi, na watu sita wanakula. Kila mmoja anapata gramu 15 za mafuta yaliyoshiba. Angetia mafuta ya nazi au ya kokwa, kila mmoja angepata kama 25, na kupita kiasi kwa chakula kimoja. Angetia ya karanga, kila mmoja angepata 5 au 6.

Hatusemi muache mawese. Rangi yake nyekundu ndiyo inayoupa mwili vitamini A, na watoto waliokonda wanahitaji mafuta. Msiyachome mpaka yawe meupe, maana vitamini hiyo hupotea. Mtu mzima anaweza kupunguza glasi iwe nusu, au kuchanganya na karanga iliyotwangwa.

Kolesteroli haiumi. Mwenye presha, kisukari, au aliyepoteza kwa ugonjwa wa moyo ndugu aliyekuwa bado kijana, amwombe mganga ampime, na aulize namba ya LDL peke yake, siyo jumla tu.