Mwenzi Anapopelekwa Kazini Ng'ambo: Likizo Bila Malipo au Kujiuzulu?

Barua ya uhamisho wa mume au mke kwenda nchi ya nje huja na tarehe ya kusafiri. Mara nyingi tarehe hiyo huwa karibu, na mwenzi mwenye ajira yake hapa nyumbani hulazimika kuamua upesi. Wengine huandika barua ya kujiuzulu wiki hiyohiyo, kisha baada ya miaka 2 wakirudi hugundua kwamba wangeweza kuomba likizo bila malipo. Wengine husafiri baada ya kuomba ruhusa kwa mdomo tu, na kufutwa kazi wakiwa safarini. Somo hili linaeleza tofauti ya njia hizo na namna ya kuzipima.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi. Haimpi haki ya likizo bila malipo kwa ajili ya kumfuata mwenzi. Likizo ya namna hiyo hutoka katika mkataba, katika mwongozo wa rasilimali watu wa mwajiri, au katika makubaliano ya pande mbili. Kwa sababu hiyo ombi linaweza kukubaliwa, kukataliwa, au kukubaliwa kwa muda mfupi kuliko ulioombwa. Hatua ya kwanza basi ni kumwendea afisa wa rasilimali watu, kuomba kusoma sehemu ya mwongozo inayohusu likizo bila malipo, na kunakili mambo matatu: muda wa juu kabisa unaoruhusiwa, anayetoa idhini, na jinsi kipindi hicho kinavyohesabiwa katika pensheni na nyongeza ya mshahara.

Kujiuzulu ni jambo jingine. Hapo mfanyakazi haombi ruhusa, bali anatoa notisi. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya maandishi ya angalau siku 28, au muda mrefu zaidi ikiwa mkataba wake unasema hivyo. Akiondoka kabla notisi haijaisha, atalazimika kulipa mshahara wa siku zilizobaki, isipokuwa mwajiri amemsamehe.

Mfano wa muuguzi wa Kitengela

Chukua mfano wa muuguzi anayeishi Kitengela na kufanya kazi katika kituo cha afya cha umma. Muuguzi huyu na fedha zake ni vya mfano tu. Mume wake amepangiwa kazi Addis Ababa kwa miaka 3. Mshahara wa msingi wa muuguzi ni shilingi 50,000. Kila mwezi yeye huchangia asilimia 12 ya kiasi hicho katika mfuko wa pensheni, yaani shilingi 6,000, na mwajiri huongeza asilimia 15, yaani shilingi 7,500. Ana mkopo katika chama cha akiba na mikopo. Salio la mkopo ni shilingi 400,000, makato ni shilingi 14,000 kwa mwezi, na akiba yake chamani ni shilingi 250,000. Wafanyakazi wenzake wawili walimdhamini.

Watu wengi wakikaa kupiga hesabu huanza na mshahara watakaoukosa. Hesabu hiyo haisaidii kuchagua, kwa maana mshahara unakosekana katika njia zote mbili. Michango ya pensheni nayo ni vivyo hivyo. Kila mwezi asipokuwa kazini, shilingi 13,500 haziingii katika mfuko, awe kwenye likizo bila malipo au awe amejiuzulu. Kwa miezi 36 hizo ni shilingi 486,000. Familia inapaswa kuijua gharama hiyo ya kuondoka, lakini haioneshi njia ipi ni bora. Kinachofaa kupimwa ni yale yanayotofautiana.

La kwanza ni nafasi ya kazi. Kwenye likizo bila malipo mkataba unaendelea kuwa hai, na mfanyakazi anarudi katika cheo chake kwa masharti ya barua ya idhini. Akijiuzulu, mkataba umekwisha. Siku atakayorudi atasubiri tangazo la nafasi, aombe kama waombaji wengine na ashindane nao, na anaweza kuajiriwa katika ngazi ya mwanzo ingawa alikuwa amekwisha kupanda.

La pili ni pensheni iliyokwisha kuwekwa. Akiwa likizoni, fedha zake zinabaki katika mfuko na zinaendelea kupata faida, ingawa katika utumishi wa umma kipindi kisicho na mshahara kwa kawaida hakihesabiwi kama utumishi wa pensheni. Akijiuzulu, anaweza kuziacha humo au kudai sehemu yake, lakini sehemu nyingine itabaki imefungwa hadi umri wa kustaafu. Mtumishi aliye chini ya mpango wa zamani wa serikali, ambao mfanyakazi hakuuchangia, awe mwangalifu zaidi. Chini ya mpango huo anayejiuzulu kabla ya umri unaoruhusiwa anaweza kupoteza mafao yake. Huyo asitie sahihi barua ya kujiuzulu kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka idara ya pensheni.

La tatu ni mkopo. Makato yalikuwa yakifanywa na mwajiri, na mshahara ukisimama makato nayo yanasimama. Kwenye likizo bila malipo muuguzi anaweza kukubaliana na chama kwamba shilingi 14,000 zitoke kila mwezi katika akaunti ya benki ya mume wake. Kwa miezi 12 hizo ni shilingi 168,000, na familia lazima iwe na hakika ya kuzipata. Akijiuzulu, huenda chama kikadai salio lote kwa mara moja. Kikichukua akiba yake ya shilingi 250,000 kitabakiwa na deni la shilingi 150,000, na asipolilipa, litawaangukia wale wawili waliomdhamini. Hao ndio watakaoona makato kwenye hati zao za mshahara huku mwenzao akiwa Addis Ababa.

La nne ni uhuru wa kufanya kazi huko. Aliyejiuzulu hana mwajiri nyumbani wa kumwomba ruhusa. Aliye likizoni bado ni mwajiriwa, na akitaka kazi ya mshahara ugenini anapaswa kuomba idhini ya maandishi kwanza. Hata hivyo ruhusa ya nyumbani haitoshi. Ethiopia, kama nchi nyingi, humtaka mgeni awe na kibali cha kazi, na kuwa mke au mume wa aliyehamishwa hakumpi mtu kibali hicho moja kwa moja. Familia isihesabu mshahara wa pili mpaka mwajiri wa mwenzi, au ubalozi, athibitishe kwamba inawezekana.

Kuandika ombi linaloweza kujibiwa

Ombi hukataliwa kwa urahisi linaposema tu kwamba mwombaji anataka kumfuata mwenzi wake. Msimamizi anayelisoma anajiuliza nani atashika zamu. Barua nzuri inataja tarehe ya kuanza na tarehe ya kurudi, inaambatisha barua ya uhamisho wa mwenzi na cheti cha ndoa, na inapendekeza namna kazi itakavyokabidhiwa. Sehemu kuu ya barua ya muuguzi inaweza kusomeka hivi:

“Ninaomba likizo bila malipo ya miezi 12 kuanzia tarehe iliyotajwa hapo juu, ili niandamane na mume wangu aliyehamishiwa Addis Ababa kikazi. Niko tayari kukabidhi kazi kwa maandishi wiki 2 kabla ya kuondoka. Ninaomba pia kujulishwa kwa maandishi iwapo muda huu unaweza kuongezwa, nafasi nitakayorudia, na hali ya pensheni yangu katika kipindi hicho.”

Barua ipitie kwa msimamizi wa karibu, ifike kwa afisa wa rasilimali watu, na mwombaji abaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Inafaa iwasilishwe miezi 2 au 3 kabla ya safari. Mume akitakiwa kuripoti kabla jibu halijatoka, ni salama zaidi atangulie, na muuguzi atumie siku zake za likizo ya mwaka kwa ziara ya kwanza huku ombi likishughulikiwa.

Pale mambo yanapoharibika

Kosa kubwa ni kusafiri kwa kutegemea neno la mdomo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira kinahesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa au sababu halali kuwa kosa linaloweza kumfanya mtu afutwe kazi papo hapo. Kabla ya kumfuta, mwajiri anapaswa kumsikiliza, lakini ni vigumu kujitetea ukiwa nchi nyingine na huna karatasi mkononi.

Kosa la pili ni kusahau tarehe ya kuisha. Miezi 12 haiongezeki yenyewe. Ombi la kuongezewa muda liwe limefika angalau miezi 3 kabla, na ikiwa jibu halijaja siku ya mwisho, mfanyakazi aripoti kazini.

Kosa la tatu ni bima ya afya. Mshahara ukisimama, mchango wa SHA wa asilimia 2.75 uliokuwa ukikatwa nao unasimama. Kama watoto wanabaki Kitengela na bibi yao, wazazi wahakikishe kwamba wameandikwa chini ya mzazi ambaye mchango wake bado unalipwa, au walipe wenyewe kama kaya isiyo na mshahara.

Ombi likikataliwa, mwombaji aombe sababu kwa maandishi, kisha apendekeze muda mfupi zaidi. Mtumishi wa kaunti asiyeridhika na uamuzi wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa mujibu wa kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012.

Wakati kujiuzulu kunafaa

Kujiuzulu kuna mahali pake. Ikiwa uhamisho ni wa miaka mingi kuliko likizo yoyote inayoweza kutolewa, mkopo umekwisha, pensheni iko salama, na kuna kazi ya uhakika huko, kung'ang'ania nafasi kunamzuia tu mwingine kuajiriwa. Anayeondoka hivyo atoe notisi kamili, adai malipo ya siku za likizo ambazo hakuzitumia, na achukue cheti cha utumishi, ambacho kifungu cha 51 kinamtaka mwajiri akitoe. Muuguzi aongeze jambo moja: ahuishe leseni yake ya taaluma kila inapofika wakati hata akiwa ugenini, maana bila leseni hataweza kuomba kazi ya uuguzi atakaporudi.

Kwa muuguzi wa mfano, mkopo na wadhamini wake wawili wanaelekeza kwenye likizo ya miezi 12 kwanza. Kabla mwaka haujaisha familia itakuwa imejua kama Addis Ababa inakalika, kama kibali cha kazi kinapatikana, na salio la mkopo litakuwa limeshuka. Akiamua kujiuzulu wakati huo, bado anaweza. Lakini angejiuzulu sasa, hangeweza kuirudisha barua hiyo bila ridhaa ya mwajiri.