Kabla Mzigo wa Dubai Haujapanda Ndege, Isome Orodha Mstari kwa Mstari

Ukiagiza bidhaa Dubai, wakala hukutumia orodha ya mzigo kabla katoni hazijafungwa. Hapo ndipo pa kuzinasa betri, makopo ya kupuliza na vimiminika vinavyowaka. Katoni ikigundulika ghalani kuwa na vitu hivyo bila kutajwa, mzigo huzuiliwa. Isipogundulika, hatari hupanda nayo angani. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS ilishika moto muda mfupi baada ya kuruka kutoka Dubai, ikaanguka na kuua marubani wote wawili. Wachunguzi walibaini kwamba ilibeba shehena za betri za lithiamu zilizopaswa kutangazwa kuwa mzigo wa hatari, na hazikutangazwa.

Mara nyingi vitu hivi hujificha nyuma ya majina ya jumla. Tuchukue mfano wa orodha ya mistari mitatu: vifaa vya simu katoni 6, vitu vya saluni katoni 4, vipuri vya gari katoni 3. Neno betri halimo, wala neno spreai. Dai kila mstari uvunjwevunjwe mpaka ujue kila bidhaa kwa jina lake.

Vifaa vya simu

Kava, waya na chaja za ukutani hazina tatizo. Kitu chochote kinachofanya kazi bila kuchomekwa kwenye umeme kina betri ndani. Spika ndogo na saa janja huhesabiwa kuwa betri iliyomo ndani ya kifaa, namba UN 3481. Pawabenki ni betri yenyewe, namba UN 3480, na masharti yake ni makali zaidi: tangu Aprili 2016 hairuhusiwi kusafirishwa kama shehena kwenye ndege ya abiria. Hupanda ndege ya mizigo tu, tena chaji yake isizidi asilimia 30. Kwa hiyo usikubali pawabenki na spika ziandikwe mstari mmoja.

Vitu vya saluni

Mafuta mazito ya nywele na shampuu kwa kawaida hupita. Spreai ya nywele ni kopo lenye gesi iliyoshindiliwa, UN 1950, na gesi hiyo mara nyingi ni ya kuwaka. Rangi ya kucha, asetoni, manukato yenye spiriti na baadhi ya gundi za wigi ni vimiminika vinavyowaka. Kinachohesabika ni joto ambalo mvuke wa bidhaa unaweza kushika moto: likiwa nyuzi 60 za selisiasi au chini yake, bidhaa huwekwa kwenye kundi la vimiminika vinavyowaka.

Harufu kali na kukauka upesi ni dalili tu. Jibu la uhakika limo kwenye hati ya usalama wa bidhaa, ambayo mawakala huiita MSDS. Mwombe muuzaji akupe, kisha fungua sehemu ya 9 uone joto hilo, na sehemu ya 14 uone namba ya UN na kundi la hatari. Kama sehemu ya 14 inasema si mzigo wa hatari, mpe wakala hati hiyo iwe ushahidi.

Vipuri vya gari

Breki pedi na filta mpya ni salama. Tafuta rangi ya kupuliza, dawa ya kusafishia kabureta, gundi na betri ya gari. Pampu ya mafuta au kabureta iliyotumika nayo ina hatari ikiwa imebaki na petroli ndani.

Ukitaka kubeba mwenyewe

Pawabenki haziwekwi kwenye begi la kukabidhi, hubebwa mkononi. Kikomo chake hupimwa kwa Wh: chukua mAh, gawa kwa 1,000, kisha zidisha kwa volti za betri, ambazo kwa kawaida ni 3.7. Ya mAh 20,000 inatoa 74 Wh, chini ya kikomo cha 100. Ya mAh 30,000 inatoa 111 Wh, nayo huhitaji idhini ya shirika la ndege. Ikizidi 160 haibebwi. Mashirika mengine huongeza masharti yao, kwa hiyo uliza kabla.

Manukato na spreai za mwilini zina kikomo cha nusu lita kwa chombo na lita 2 kwa jumla, na ni za matumizi yako mwenyewe. Ruhusa hiyo haihusu bidhaa za kuuza.

Ukimaliza kuivunjavunja mistari ya orodha, mrudishie wakala orodha iliyoandikwa wazi, kwa mfano: “Pawabenki mAh 20,000, 74 Wh, vipande 60, UN 3480.” Ukiamua kupeleka kwa meli, mtumie orodha hiyohiyo, kwa maana baharini pia mzigo wa hatari lazima utangazwe.