Jumla Isiyolingana na Mistari Yake: Jinsi ya Kusoma Jedwali la Marejesho ya Mkopo

Mkopaji makini hupokea jedwali la marejesho, huchukua kikokotoo na kujumlisha safu ya mwisho. Mara nyingine jibu analolipata halifanani na jumla iliyochapishwa chini ya jedwali. Tofauti huwa ndogo, shilingi mbili, nne au tano, lakini ipo, na karatasi imetoka katika mashine ambayo watu huamini kwamba haikosei kujumlisha. Baadhi ya wakopaji hunyamaza. Wengine hudhani kuwa wameibiwa. Makala hii inaeleza tofauti hiyo inatoka wapi, inaweza kufikia kiasi gani kihalali, na kwa nini hata shilingi nne zinaweza kumletea usumbufu mtu aliyekwisha lipa mkopo wake wote.

Tuchukue mfano wa mkopo wa shilingi 1,000,000 unaolipwa kwa miezi 12. Kila mwezi mkopaji anarudisha sehemu iliyo sawa ya deni la msingi, pamoja na riba ya asilimia 1.5 ya deni lililobaki. Jedwali analopewa lina mistari 12. Hapa tunaonyesha michache tu.

| Mwezi | Deni la msingi | Riba | Rejesho |
|---|---|---|---|
| 1 | 83,333 | 15,000 | 98,333 |
| 2 | 83,333 | 13,750 | 97,083 |
| 3 | 83,333 | 12,500 | 95,833 |
| … | … | … | … |
| 12 | 83,333 | 1,250 | 84,583 |
| Jumla | 1,000,000 | 97,500 | 1,097,500 |

Safu ya riba haina tatizo. Riba inapungua kwa shilingi 1,250 kila mwezi, na mistari yake 12 inatoa 97,500 kamili. Safu ya deni la msingi ndiyo yenye kasoro: 83,333 mara 12 ni 999,996, si 1,000,000. Upungufu huo wa shilingi nne unaonekana pia katika safu ya rejesho, ambayo ukiijumlisha kwa mkono inatoa 1,097,496.

Gawanya 1,000,000 kwa 12 katika simu yako na sababu itaonekana mara moja. Kikokotoo kitaandika 83,333.3333, na tarakimu 3 zitaendelea hadi mwisho wa kioo. Hicho ndicho kiasi ambacho kompyuta ya mkopeshaji imekihifadhi. Wakati wa kuchapisha, programu iliagizwa isionyeshe senti, hivyo ikaandika shilingi kamili iliyo karibu zaidi. Katika masomo ya hesabu kitendo hicho huitwa kukadiria, ingawa hapa neno hilo halina maana ya kubahatisha: sehemu iliyo chini ya nusu shilingi inaachwa, na inayofika nusu au zaidi inapandishwa kuwa shilingi nzima. Ndani ya kompyuta hakuna kilichobadilika. Kilichopunguzwa ni kile tu kinachoonekana kwenye karatasi.

Jumla nayo haikupatikana kwa kujumlisha tarakimu zilizochapishwa. Kompyuta ilijumlisha viasi kamili, pamoja na visehemu vyake, ikapata 1,000,000, kisha ikachapisha jibu. Kwa hiyo karatasi moja imebeba hesabu za aina mbili: mistari iliyokatwa visehemu mmoja mmoja, na jumla iliyokatwa mara moja tu, mwishoni. Theluthi moja ya shilingi ikiachwa mara 12, zinakuwa shilingi nne. Ndizo hizo zinazopungua.

Tofauti inaweza pia kuelemea upande wa pili. Mkopo huohuo ukilipwa kwa miezi sita, kila sehemu ni 166,666.6667, nayo inachapishwa 166,667. Mistari sita ya namna hiyo inatoa 1,000,002, yaani shilingi mbili zaidi ya mkopo wenyewe. Ukiulipa kwa miezi minane, kila sehemu ni 125,000 kamili na hakuna tofauti yoyote. Kwa hiyo tofauti kuwepo au kutokuwepo hakutegemei uaminifu wa mkopeshaji. Hutegemea kama mgawanyo unaacha kisehemu.

Je, ipi ni sahihi, mistari au jumla? Ikiwa kazi imefanywa kama ilivyoelezwa, jumla ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Mkopo ulikuwa shilingi 1,000,000, na jedwali linalosema kwamba utarudisha 999,996 lingekuwa limekosea deni lenyewe. Wapo wanaoshauri programu ijumlishe tarakimu zinazoonekana ili karatasi ipendeze macho. Kufanya hivyo ni kurekebisha sura ya karatasi na kuharibu hesabu.

Maelezo haya hayana maana kwamba kila tofauti ikubaliwe kwa kuambiwa kuwa ni mambo ya senti. Kukadiria kuna mpaka unaoweza kupimwa. Mstari mmoja ulioandikwa kwa shilingi kamili hauwezi kupotoka kwa zaidi ya nusu shilingi, kwa kuwa kama ungepotoka zaidi ya hapo, shilingi ya jirani ndiyo ingeandikwa. Mistari 12, hata ikipotoka yote upande mmoja, haiwezi kuzidi shilingi sita. Jumla nayo imekadiriwa mara moja, basi iongezee nusu shilingi yake. Kwa kifupi, hesabu mistari, gawanya kwa mbili, ongeza nusu. Katika mfano wetu mpaka ni shilingi sita na nusu, na tofauti ya shilingi nne imo ndani yake. Kwa mkopo wa miezi 36, mpaka ni shilingi kumi na nane na nusu.

Mpaka huo hupimwa kwa kipimo kilichotumika katika karatasi husika. Taarifa za mwaka za vyama vya ushirika wa akiba na mikopo na za mabenki mara nyingi huandikwa kwa maelfu au mamilioni ya shilingi, na kipimo hutajwa kwa maandishi madogo juu ya jedwali. Gharama tatu za 12,400, 8,400 na 5,400 zikiandikwa kwa maelfu zitaonekana 12, 8 na 5, ambazo jumla yake ni 25. Jumla halisi ni 26,200, nayo itaandikwa 26. Mwanachama anayeona tofauti ya moja hapo anatazama shilingi elfu moja, na bado hakuna kilichopotea.

Tofauti ikivuka mpaka, kukadiria si jibu tena. Tuseme jedwali letu lingeonyesha jumla ya rejesho 1,109,500 badala ya 1,097,500, na mistari ikabaki ilivyo. Mistari inatoa 1,097,496, hivyo tofauti ni 12,004. Ondoa shilingi nne tunazozifahamu, zinabaki 12,000; gawanya kwa miezi 12, unapata 1,000 kamili. Kiasi kinachogawanyika vizuri namna hiyo kwa idadi ya miezi humaanisha, kwa kawaida, kwamba kuna tozo ya kila mwezi, pengine ya bima au ya uendeshaji, iliyoingizwa kwenye jumla bila kupewa safu yake. Tofauti ikilingana na rejesho moja zima, tazama kama ukurasa umerukwa au mstari umefichwa wakati wa kuchapisha. Maswali haya humwelekeza afisa mikopo kwenye jambo mahususi, na ni vigumu kuyajibu kwa maneno ya jumla.

Tofauti iliyo ndani ya mpaka nayo ithibitishwe kabla ya kuiacha. Chukua kisehemu ambacho kikokotoo kilionyesha, hapa .3333, na ukizidishe kwa idadi ya mistari. Kikitoa tofauti ileile, umepata maelezo kamili. Kama kila sehemu ya deni la msingi haina kisehemu chochote, kama ile ya miezi minane, na bado jumla inapishana kwa shilingi tatu, basi kuna jambo jingine, hata kama kiasi ni kidogo.

Sasa tuje kwenye zile shilingi nne. Mkopaji anayelipa kwa simu anaweza kuandika kiasi kilekile kilicho kwenye mstari: 98,333, kisha 97,083, na kuendelea hadi 84,583. Amelipa kila alichoambiwa, kwa tarehe aliyoambiwa. Ndani ya leja, hata hivyo, kila mwezi umebaki na upungufu wa theluthi moja ya shilingi, na baada ya mwezi wa 12 salio ni shilingi nne, si sifuri. Pale ambapo mfumo haukuwekewa kanuni ya kufuta masalio madogo, mkopo huo unabaki wazi. Mkopo ulio wazi baada ya tarehe ya mwisho unaweza kuhesabiwa kuwa umechelewa. Ukatozwa adhabu yenye kiwango maalumu, inayozidi shilingi nne mara nyingi. Hati ya dhamana ikachelewa kurudishwa. Na taarifa ya ucheleweshaji ikapelekwa kwenye kanzidata ya taarifa za wakopaji, ambayo wakopeshaji wengine huisoma. Anayelipa taslimu Tanzania huepuka jambo hili bila kujua, kwa sababu sarafu ndogo inayotumika madukani ni ya shilingi 50, naye hulipa kiasi kilichopandishwa.

Mkopeshaji anayefanya kazi yake vizuri huliondoa tatizo kwenye jedwali lenyewe. Huweka 83,333 katika miezi 11 ya kwanza, na mwezi wa 12 huandika 83,337, hivyo rejesho la mwisho linakuwa 84,587. Hapo mistari na jumla vinalingana, na kiasi kilichochapishwa ndicho kinachodaiwa kweli. Wanaotunza hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa kwa lahajedwali wanaweza kufanya vivyo hivyo. Kuficha desimali kwa kubadili mwonekano wa kisanduku hakutoshi, kwa kuwa kisehemu kinabaki ndani. Kiasi chenyewe kikatwe kwa fomula, na mstari wa mwisho uchukue kilichosalia:

```
=ROUND(1000000/12,0)
=1000000-11*ROUND(1000000/12,0)
```

Ya kwanza inatoa 83,333 kwa miezi 11, na ya pili inatoa 83,337.

Kabla ya kutia saini, tazama mstari wa mwisho wa jedwali. Ukiwa unafanana kabisa na mingine katika safu ya deni la msingi, na mgawanyo una kisehemu, mwombe mkopeshaji aeleze kwa maandishi salio la mwisho litafutwaje. Wiki moja kabla ya rejesho la mwisho, usitegemee jedwali: omba kiasi halisi cha kufunga mkopo kama kilivyo kwenye leja siku hiyo, lipa hicho, kisha dai barua inayothibitisha kuwa salio ni sifuri. Ukiwa umekwisha tozwa adhabu kwa salio la namna hii, mwandikie mkopeshaji, ukiambatanisha jedwali ulilopewa na stakabadhi za marejesho yote 12, na uonyeshe kwamba kila malipo yanalingana na mstari wake. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika na jibu lake, malalamiko dhidi ya benki na watoa huduma ndogo za fedha hupokelewa na Benki Kuu ya Tanzania, nayo itataka kwanza kuona barua hiyo na jibu ulilopewa.