UJUMBE WA SIMU UNAPOFIKA MARA MBILI AU KUFIKA NYUMA-MBELE



Kamati nyingi za sharika zetu, kuanzia Arusha mjini hadi vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, sasa hupeana taarifa kwa kundi la WhatsApp. Huko ndiko vifaa huagizwa, vikao husogezwa na michango hutangazwa. Hivyo basi, ujumbe mmoja ukionekana mara mbili, au sahihisho likitangulia kosa, fedha za mradi zinaweza kupotea. Katika somo hili tunaeleza chanzo chake na mambo ya kukagua.

Stakabadhi isiyorudi

Ujumbe hauendi moja kwa moja kutoka simu hadi simu. Kwanza hufika kwenye mtambo wa kampuni, na mtambo hurudisha stakabadhi kwa simu iliyotuma. Ndipo alama ya saa iliyo kando ya ujumbe hugeuka kuwa tiki moja. Ujumbe ukifika kwa mpokeaji, tiki huwa mbili. Katika kundi, tiki ya pili huonekana pale tu wanakikundi wote wanapokuwa wameupokea.

Makorongo ya mito kama Themi na Nduruma huficha simu na minara. Inawezekana ujumbe ukafika kwenye mtambo, kisha mawimbi yakakatika kabla ya stakabadhi kurudi. Kwa hiyo alama ya saa haithibitishi kwamba ujumbe haujaondoka. Inachosema ni kwamba stakabadhi haijarudi. Mtandao ukipatikana, simu hutuma tena yenyewe. Hilo halileti shida, kwa sababu kila ujumbe una namba yake iliyofichika, na nakala yenye namba ileile huachwa. Shida huja pale mtu anaponakili maneno na kuyatuma upya. Hapo namba huwa mpya, na kwa simu ya mpokeaji hizo ni jumbe mbili tofauti.

Mfano

Tuchukue mfano wa katibu wa mradi wa maji aliye korongoni. Saa 3:00 asubuhi anatuma picha ya orodha yenye mabomba 40. Anaona alama ya saa, na saa 3:05 anaituma tena. Saa 3:20 anaandika: "Idadi iwe 14." Saa 3:30 anapanda juu na mtandao unarudi. Maneno ni mepesi, hivyo hutangulia. Picha ni nzito, hivyo hufuata baadaye, tena mbili. Mwenye duka anasoma "iwe 14", kisha anapokea orodha ya 40 mara mbili. Akifuata iliyokuja mwisho atapakia 40. Akizijumlisha atapakia 80. Kwenye simu ya katibu mpangilio ni sahihi, kwa hiyo haoni kosa lolote.

Mambo ya kukagua

1. Ukiona alama ya saa, usitume upya. Tafuta mahali penye mtandao, subiri tiki.

2. Bonyeza ujumbe wako bila kuachia, kisha fungua Info. Utaona nani ameupokea na nani ameusoma, na saa ngapi.

3. Sahihisho lijitegemee. Badala ya "iwe 14", andika: "Agizo la mabomba la tarehe 6: ni 14, si 40. Orodha ya awali imefutwa." Hata likitangulia, litaeleweka. Unaweza pia kujibu juu ya ujumbe wa awali ili uonekane pamoja na jibu. Kuuhariri ujumbe kunawezekana kwa dakika 15 tu.

4. Hakikisha tarehe na saa za simu zinajirekebisha zenyewe kwa mtandao. Simu yenye majira yasiyo sahihi huonyesha saa za jumbe zisizo za kweli.

Kwa wahazini

Ujumbe mfupi wa kawaida, ukiwamo ule wa malipo kwa simu, hauna kinga imara dhidi ya kurudiwa. Simu yako ikiupokea na stakabadhi yake isirudi, mtambo unaweza kuutuma tena. Kabla ya kuandika mchango kwenye daftari, linganisha namba za muamala. Namba ikiwa ileile, fedha ni moja hata kama jumbe ni mbili. Namba zikitofautiana, malipo ni mawili, hata kama kiasi na jina la mtumaji vinafanana. Kisha angalia salio kwenye menyu ya huduma yenyewe, kwani ujumbe ni taarifa tu na salio ndilo linaloonyesha fedha iliyopo.

Tunashauri kila kamati iongeze safu moja kwenye daftari la mapato, iandikwe "Namba ya muamala". Namba ikijirudia katika safu hiyo, ingizo la pili lifutwe kwa mstari mmoja na kutiwa saini na mhazini pamoja na mwenyekiti.