Maembe Yaliyobaki Sokoni: Hesabu ya Kuyakausha

Msimu wa maembe Makueni huanza mwezi wa Desemba hadi Machi. Matunda hujaa sokoni kwa wakati mmoja, bei hushuka, na yanayobaki jioni mara nyingi huoza. Kikundi cha vijana au akina mama kinaweza kuyanunua mabaki hayo na kuyakausha, lakini hesabu ifanywe kwanza.

Tuchukue mfano wa kilo 100. Ukiondoa ganda, kokwa na sehemu zilizopondeka, nyama inayobaki ni kama kilo 55. Sehemu kubwa ya nyama hiyo ni maji, kwa hivyo ikishakauka hubaki takriban kilo 11. Iwapo maembe yalinunuliwa kwa shilingi 15 kwa kilo, hiyo ni shilingi 1,500. Ongeza malipo ya wafanyakazi shilingi 2,400 na mifuko shilingi 600, jumla ni 4,500. Kila kilo iliyokauka imegharimu kama shilingi 410, kabla ya kulipia kikaushio. Anayeuza chini ya hapo anapata hasara hata kama wateja wanapanga foleni.

Si kila embe linalobaki linafaa. Linalofaa limeiva na bado ni gumu kidogo. Lililolainika sana hugeuka uji linapokatwa, na hilo heri litengenezwe juisi siku hiyo hiyo. Matunda huoshwa kwa maji safi, humenywa, kisha hukatwa vipande vyembamba vinavyolingana, vya milimita 5 hadi 8. Hupangwa kwenye trei za wavu bila kugusana, ndani ya kikaushio cha jua kilichofunikwa kwa karatasi ya plastiki angavu na chenye matundu ya kupitisha hewa. Kukausha chini kwenye turubai huleta vumbi na nzi.

Kosa linaloharibu mali zaidi ni haraka. Joto likizidi sana, ngozi ya kipande hukauka na kufunga maji ndani. Kipande huonekana tayari, kumbe wiki chache baadaye kinaota ukungu kwenye mfuko. Ili kuhakikisha, kipande kilichopoa hukunjwa: kisivunjike wala kutoa unyevu. Kisha vichache hutiwa kwenye chupa safi ya kioo iliyofungwa kwa siku kadhaa. Matone yakionekana kwenye kioo, trei zote hurudishwa kikaushioni.

Kikaushio cha jua hutegemea anga. Mvua ikinyesha siku ya kukata, kazi yote huharibika, hivyo kikundi hununua tu kiasi kinachotosha trei zake.

Wanaotaka kuuza kwenye supamaketi wanahitaji alama ya ubora ya KEBS, na vibali vya afya kwa mahali pa kazi na kwa wanaoshika chakula. Ni vyema kuuliza masharti hayo kabla ya kujenga chumba cha kazi, kwa kuwa sakafu, maji na mahali pa kunawa mikono hukaguliwa.